Damu Imeruka, Adui Hajaumia: Risasi Zinapotelea Wapi?

Unacheza Team Fortress 2. Unamlenga Skauti anayekimbia, unafyatua, damu inaruka kwenye skrini, lakini jamaa anaendelea na mbio zake mzima kabisa. Kabla ya kuilaani seva, elewa kwanza kwamba kile unachokiona kimeshapita.

Seva ya mchezo huu hupiga hesabu takriban mara 66 kwa sekunde, yaani kila baada ya milisekunde 15. Kila hesabu huitwa tiki. Taarifa za nani yuko wapi hutumwa kwa vipande, na zingechorwa hivyohivyo, wachezaji wangeonekana wakirukaruka. Kwa hiyo kompyuta yako hujichelewesha makusudi ili iwe na taarifa mbili mkononi, kisha huchora mwendo laini kati yake. Hiyo ndiyo intapolesheni.

Kwa miaka mingi mchezo ulikuja na ucheleweshaji wa milisekunde 100. Skauti hukimbia vipimo 400 kwa sekunde, hivyo katika muda huo huwa amesogea vipimo 40, karibu sawa na upana wa mwili wake. Seva hulijua hilo. Ukifyatua bunduki, huwarudisha wengine pale ulipowaona, ndipo ipime kama umepata. Roketi hazirudishiwi wakati, kwa hiyo lazima ulenge mbele ya adui.

Tatizo la bunduki huja taarifa zinapopotea njiani. Ikiwa ucheleweshaji ni mfupi mno na taarifa inayofuata haijafika, kompyuta hubahatisha adui anaelekea wapi. Akigeuka ghafla, unapiga mahali ambapo kwenye seva hakuwahi kuwepo. Damu huchorwa na kompyuta yako bila kungoja jibu, ilhali mlio wa kumpata adui, ukiuwasha, hutegemea seva. Ukiona damu bila mlio, ujue seva imekataa.

Kabla ya kuingia kwenye mechi, fungua konsoli uandike:

```
cl_updaterate 66
cl_cmdrate 66
cl_interp 0
cl_interp_ratio 1
net_graph 4
```

Ucheleweshaji sasa ni `cl_interp_ratio` kugawanywa kwa `cl_updaterate`: 1 kwa 66, karibu milisekunde 15. Utausoma kwenye skrini penye neno `lerp`. Tazama pia `loss`, yaani taarifa zilizopotea. Ikipanda juu ya sifuri mara kwa mara, weka `cl_interp_ratio 2`. Utaongeza milisekunde 15, lakini taarifa moja ikipotea, bado kutakuwa na nyingine ya kuchorea mwendo.

Kuandika 128 kwenye `cl_updaterate` hakusaidii, kwani seva ya tiki 66 haina taarifa zaidi ya hizo za kukupa. Kama unatumia waifai, hamia kwenye waya kwanza, ndipo urudi kwenye 1.