Nani Alikuwa Akitoka Sokoni?

Tazama sentensi hizi mbili za Kifaransa: «J'ai vu Asha sortant du marché» na «J'ai vu Asha en sortant du marché». Zinatofautiana kwa kineno kimoja cha herufi mbili, lakini hazisimulii tukio lile lile. Katika ya kwanza, anayetoka sokoni ni Asha, nami nikamwona. Katika ya pili, ninayetoka ni mimi. Asha huenda alikuwa amesimama kituoni akisubiri basi.

Kwetu mkanganyiko huo haupo. Tukisema «nilimwona Asha akitoka sokoni», ile a- inamtaja Asha, na tukisema «nikitoka», ni- inamtaja msemaji. Neno «sortant» halibebi nafsi yoyote. Linapatikana kwa kuchukua kitenzi cha wakati uliopo kinachofuata «nous», kuondoa -ons na kuweka -ant: «nous sortons» inatoa «sortant», «nous finissons» inatoa «finissant». Vitenzi vitatu tu ndivyo vinavyokwepa njia hii: «étant», «ayant» na «sachant». Kwa kuwa umbo hilo halina mwenyewe, ni lazima kitu kingine kituonyeshe nani anatenda.

Likiwa peke yake, umbo hilo huitwa «participe présent», na mara nyingi huegemea nomino iliyo karibu nalo, kama amba- yetu. «Une femme vendant des mangues» ni mwanamke anayeuza maembe. Ni lugha ya maandishi zaidi. Mtaani Mfaransa atasema «une femme qui vend des mangues». Likitanguliwa na «en», huitwa «gérondif», na hapo huiacha nomino na kwenda kukaa na kitenzi kikuu. Kanuni yake ni kwamba anayetenda la «en» awe yule yule anayetenda la kitenzi kikuu.

Hapa ndipo sisi hunaswa. Kwa Kiswahili ni sahihi kabisa kusema «nilipotoka nyumbani, mvua ilianza». Ukiibeba moja kwa moja utaandika «En sortant de la maison, la pluie a commencé», na mwalimu ataichora mstari mwekundu, kwa kuwa umesema mvua ndiyo iliyotoka nyumbani. Kuna njia mbili za kuiponya. Ama uache «en» useme «Quand je suis sorti de la maison, la pluie a commencé», ama umfanye mtu awe kiima cha sentensi nzima: «En sortant de la maison, j'ai été surpris par la pluie». Nimezoea kujiuliza swali moja kabla ya kuandika «en»: je, aliyefanya hili ndiye aliyefanya na lile?

Mtendaji akishajulikana, linabaki swali la maana. «En» hueleza namna jambo lilivyofanyika, na pia wakati lilipofanyika, na Kifaransa hakibadilishi umbo. Kiswahili ndicho kinachotenganisha. «Il a appris le français en écoutant la radio»: alijifunza Kifaransa kwa kusikiliza redio. Redio ndiyo iliyomfundisha, na swali lake ni «comment?», vipi. «Elle cuisine en écoutant la radio»: anapika huku akisikiliza redio. Redio haiivishi ugali. Mambo mawili yanakwenda pamoja tu. Basi tafsiri kimoyomoyo: ikikubali «kwa ku-», ni namna, ikitaka «huku» au «-po-», ni wakati.

Kifaransa chenyewe kina kipimo chake, neno «tout». «Elle cuisine tout en écoutant la radio» inapendeza, kwa sababu «tout» hukazia kwamba mambo mawili yanatendeka kwa pamoja. Lakini chukua «Elle a ouvert la boîte en forçant le couvercle», alifungua kopo kwa kulazimisha kifuniko. Ukiingiza «tout» hapo sentensi inavunjika, kwani kulazimisha kifuniko ndiko kufungua kwenyewe. Mahali pa kukaa nako husaidia: «En partant, il a fermé la porte» inaanza na «en», na mara moja tunasikia wakati, alipoondoka alifunga mlango. «Il est parti en courant» inaiweka mwishoni, baada ya kitenzi cha mwendo, na tunasikia namna: aliondoka mbio.

Atakayeshika kanuni ya mtendaji mmoja atashangaa siku atakapokutana na methali ya Wafaransa, «L'appétit vient en mangeant», hamu huja kwa kula. Kiima ni hamu, na hamu haili. Methali hiyo ilizaliwa kabla kanuni haijakazwa, wakati «en» iliweza kumrejelea mtu yeyote anayeeleweka bila kutajwa. Wafaransa wameiacha ilivyo, na hakuna anayeisahihisha.