Ukimchelewesha mteja, usimwambie ‘pole’

JUMATANO moja mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye siku hizi ana karakana ya kufuma sweta za shule, alinipigia simu. “Profesa, nimekwama. Nisomee hii barua pepe kabla sijaituma.” Alikuwa ameahidi kumfikishia mwalimu mkuu wa shule moja sweta 120 Jumatatu. Wanafunzi wapya walikuwa wamesharipoti, na hakuna hata sweta moja iliyokuwa imefika.

Rasimu yake ilisema: “Pole kwa kucheleweshwa kwa sweta. Kutokana na changamoto zilizo nje ya uwezo wetu, mzigo haukufika. Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote uliojitokeza. Tutawasilisha haraka iwezekanavyo.”

Sarufi yake haina kosa. Hata hivyo, barua hii haiombi radhi.

Tuanze na ‘pole’. Najua mitaani watu huitumia kuomba msamaha, ila kwa asili pole ni neno la kumliwaza aliyefikwa na jambo. Kipimo chake ni jibu. Anayeambiwa pole hujibu ‘asante’; anayeombwa radhi hujibu ‘hamna neno’, au hukataa. Je, mwalimu mkuu amshukuru aliyemwacha na watoto wanaotetemeka kwa baridi gwarideni?

Pili, tutazame kitenzi. ‘Sweta zimechelewa’ huzifanya sweta zenyewe kuwa mkosaji. ‘Sweta zimecheleweshwa’ hukiri kwamba yupo aliyezichelewesha, lakini kauli ya kutendeshwa humruhusu mwandishi kumficha. Ni ‘tumechelewesha sweta zenu’ pekee inayomtaja mtendaji, kupitia kiambishi ‘tu-’. Silabi hiyo moja ndiyo inayobeba uwajibikaji.

Nilimuuliza kilichotokea. Akasita, kisha akasema: “Ukweli ni kwamba niliagiza uzi siku kumi baada ya kupokea oda.” Basi hakukuwa na lolote nje ya uwezo wake. Neno ‘wowote’ nalo lilikuwa na hila: ‘usumbufu wowote uliojitokeza’ ni kama kusema huenda haukuwepo.

Mwanafalsafa J. L. Austin, katika kitabu kilichochapishwa mwaka wa 1962, alieleza kwamba zipo kauli ambazo kuzitamka ndiko kutenda. Kuomba radhi ni mojawapo, na kuahidi ni nyingine. Barua ya mchelewaji hufanya yote mawili, na ahadi ndiyo huvunjika kwa urahisi zaidi. ‘Haraka iwezekanavyo’ haina siku wala saa, kwa hivyo mteja hawezi kuipangia lolote.

Mwanafunzi wangu alitaka kupunguza bei kwa asilimia 20. Nikamuuliza kama angebaki na faida. “Hapana, Profesa.” Isitoshe, mwalimu mkuu hakuwa na shida ya bei, shida yake ilikuwa watoto wasio na sweta. Fidia sharti ilingane na hasara ya mteja na iwe ndani ya uwezo wa mtoaji. Karakanani mlikuwa na sweta 80 tayari, zikisubiri zile 40 ili zisafirishwe pamoja. Hapo ndipo dawa ilipokuwa. Tuliiandika upya hivi:

“Mwalimu Mkuu, tuliahidi kuwaletea sweta 120 Jumatatu, na hatukuleta. Tulichelewa kuagiza uzi. Kosa ni letu. Tunajua kwamba wanafunzi wenu wapya wako darasani bila sweta, na kwa hilo tunakuomba radhi. Sweta 80 ziko tayari na zitafika shuleni kesho Alhamisi saa nne asubuhi. Zilizobaki 40 zitafika Jumamosi saa sita mchana. Gharama ya usafiri wa safari zote mbili ni juu yetu. Zile 40 zisipofika kwa saa hiyo, una hiari ya kuzikataa, nasi tutarudisha malipo yake Jumatatu.”

Tazama kwamba kosa limetajwa mara moja, bila kujipiga kifua. Anayejilaumu aya nzima humlazimisha aliyekosewa kuanza kumfariji. Sababu nayo imechukua sentensi moja tu, kwa kuwa sababu ikirefuka hugeuka kisingizio. Sehemu kubwa ya barua ni siku, saa na idadi.

Kabla ya kuituma nilimwomba aulize karakanani kama Jumamosi saa sita inawezekana kweli. Mwandishi wa barua kama hii asipouliza, huishia kuomba radhi mara ya pili, na ya pili haisikilizwi. Mafundi walisema wangemaliza Ijumaa jioni, hivyo saa zile zikabaki kama akiba.

Jibu lilikuja jioni ile: “Nimeona. Kesho anza na saizi ndogo.” Mwalimu mkuu hakuandika ‘hamna neno’, kwa sababu lilikuwepo neno. Lakini oda hakuifuta.