Kisima Kikiharibika: Mwandikie Mhariri kwa Vipimo

Vijijini Songea miezi ya Septemba na Oktoba ni ya ukame. Pampu ikiharibika wakati huo, watu hurudia maji ya mabondeni, na watoto huanza kuhara. Mkishafika kwa serikali ya kijiji na kwa wakala wa maji vijijini, RUWASA, bila kupata jibu, mnaweza kumwandikia mhariri wa gazeti.

Kusema "tunakufa kwa kiu" hakumwonyeshi mhariri ukubwa wa shida. Mpe vipimo. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka lita 25 kwa kila mtu kwa siku, katika umbali usiozidi meta 400. Kwa hiyo familia ya watu 6 huhitaji lita 150, yaani ndoo saba na nusu za lita 20. Ikiwa mama anaweza kuleta ndoo 3 tu, kila mtu anapata lita 10. Baada ya kupika na kunywa, maji ya kunawa mikono hubaki machache.

Sasa tazama mfano huu. Anwani yako na tarehe huandikwa juu upande wa kulia. Anwani ya mhariri hufuata chini yake upande wa kushoto.

Kijiji cha Mfano,
S.L.P. ...,
SONGEA.
14 Oktoba 2025

Mhariri,
(Jina la gazeti),
S.L.P. ...,
DAR ES SALAAM.

Ndugu Mhariri,

YAH: UHABA WA MAJI KIJIJINI MFANO

Pampu ya kisima chetu imeharibika tangu tarehe 12 Agosti. Kaya 90 huchota maji bondeni, umbali wa kilometa 2, na nyingi hupata ndoo 3 tu kwa siku.

Tangu hapo tumeona watoto wengi wakihara. Tulitoa taarifa kwa maandishi tarehe 20 Agosti na 15 Septemba.

Tunaomba wahusika watume fundi, na watujulishe siku ya kazi hiyo.

Wako,
(Sahihi)
(Jina kamili)

Angalia kwamba mwandishi hakusema maji ya bondeni ndiyo yaliyoleta kuhara. Amesema alichokiona, sababu itathibitishwa na mganga. Wala hakumwita mtu mwizi au mzembe. Tuhuma isiyo na ushahidi humfanya mhariri aitupe barua, na huweza kumfikisha mwandishi mahakamani. Majina ya wagonjwa pia yasiandikwe.

Mhariri ana haki ya kufupisha barua, na mara nyingi hukata mwishoni. Ndiyo maana shida imeanza katika sentensi ya kwanza. Kama hutaki jina lako lichapwe, mwombe hivyo, lakini uliandike; barua isiyo na jina huwekwa kando. Baki na nakala, kwani tarehe zilizomo zitahitajika wahusika watakapokuja kuuliza.