Kwa Nini Umeme wa Maji Hushuka Kabla ya Kupanda

Lango la turbini linapofunguliwa zaidi ili kituo cha umeme wa maji kizalishe zaidi, nguvu inayotoka hushuka kwanza, ndipo hupanda. Mwanafunzi wa uhandisi anayeona jambo hili kwenye grafu huwa na maswali mawili. Maji yamepewa njia pana zaidi. Upungufu umetoka wapi? Na kwa nini vitabu husema chanzo chake ni sifuri iliyo upande wa kulia wa bapa la namba changamano?

Jibu la kwanza limo ndani ya bomba linaloteremsha maji kutoka bwawani. Nguvu ya turbini hutegemea mambo mawili yanayozidishwa: shinikizo la maji langoni na wingi wa maji yanayopita kila sekunde. Maji yaliyojaa bombani ni mzigo mzito, na mzigo mzito haubadili kasi papo hapo. Lango likipanuliwa ghafla, maji yanayopita mwanzoni ni yaleyale, lakini tundu sasa ni kubwa, kwa hiyo shinikizo nyuma yake huanguka. Wingi haujaongezeka na shinikizo limepungua, basi nguvu nayo hupungua. Ila anguko hilo ndilo linaloyapa maji ya juu nafasi ya kusukuma: safu nzima ya maji huongeza mwendo, shinikizo hurudi, na nguvu huvuka kiwango cha awali. Kushuka huko si hitilafu. Sehemu ya nishati ya maji imetumika kuyaongezea mwendo maji yenyewe.

Muda wa tukio hili hukadiriwa kwa kuzidisha urefu wa bomba kwa kasi ya maji, kisha kugawanya kwa kimo cha maji kilichozidishwa kwa mvutano wa dunia. Bomba la mita 400, kasi ya mita 5 kwa sekunde na kimo cha mita 100 hutoa karibu sekunde 2. Kwa turbini isiyo na upotevu na mabadiliko madogo ya lango, uhusiano kati ya lango na nguvu huwa:

```
G(s) = (1 - 2s) / (1 + s)
```

Tuseme lango limefunguliwa ghafla kwa kiasi kitakacholeta nyongeza ya megawati 1 mwishowe. Badiliko la nguvu hufuata `y(t) = 1 - 3e^(-t)`. Mara tu lango linapofunguka, nguvu huwa imeshuka kwa megawati 2. Hurudi ilipokuwa baada ya sekunde 1.1 hivi, na kufikia sekunde ya 3 nyongeza ni takriban megawati 0.85.

Sifuri ya fomula hiyo ni `s = 1/2`, namba chanya, na hapa ndipo penye jibu la pili. Badiliko la Laplace la `y(t)` ni jumla ya thamani zake zote tangu mwanzo, kila moja ikizidishwa kwa uzito `e^(-st)`. Katika `s = 1/2` uzito huo hupungua kadiri muda unavyokwenda, hivyo jumla hiyo ina kikomo. Na kwa kuwa `G(1/2)` ni sifuri, jumla lazima iwe sifuri. Uzito wote ni chanya. Kama nguvu ingepanda tu bila kushuka, jumla ingekuwa chanya, jambo lisilowezekana. Kwa mfano huu, hesabu hutoa 2 kutoa 2. Sifuri ingekuwa upande wa kushoto, uzito ungekua badala ya kupungua, jumla ingekosa kikomo, na sharti hilo lisingekuwepo.

Sharti halisemi kushuka kuwe kwa kina gani. Lango likifunguliwa polepole kwa sekunde 10 badala ya ghafla, nguvu hushuka kwa takriban megawati 0.09 tu, lakini nyongeza kamili huchelewa. Ndiyo sababu kidhibiti kasi cha turbini hakiruhusiwi kuwa na pupa. Mzigo wa umeme ukiongezeka, mashine hupunguza mzunguko. Kidhibiti chenye pupa hufungua lango kwa nguvu, nguvu huanguka, mzunguko hupungua zaidi, lango hufunguliwa tena, na mfumo huishia kuyumba. Kuifuta sifuri kwa kuweka ncha mahali hapohapo ndani ya kidhibiti hakusaidii: agizo la lango lingekua bila mwisho huku grafu ya nguvu ikionekana tulivu. Kinachosaidia kweli ni kubadili mfumo wenyewe, kwa mfano kujenga mnara wa maji ulio wazi juu karibu na turbini, ili urefu wa maji yanayopaswa kuongezewa mwendo mara moja upungue.

Kwenye kumbukumbu za mitambo, tabia hii isichanganywe na ucheleweshaji. Ucheleweshaji huacha mstari ulalo kabla ya kupanda. Sifuri moja ya kulia huupeleka mstari chini kwanza. Zikiwa sifuri halisi mbili za kulia, mstari huanza kuelekea upande sahihi, kisha hugeuka na kuvuka chini kabla ya kupanda tena.