Friji Imekufa: Uitengeneze au Ununue Nyingine?

Friji ya miaka 8 imeacha kugandisha. Fundi anataka shilingi 280,000 abadilishe kompresa. Mpya ya aina hiyo inauzwa 720,000. Tuseme friji hudumu miaka 12. Imebaki minne, kwa hiyo matengenezo yatakugharimu 70,000 kwa kila mwaka. Mpya itakugharimu 60,000. Hapo nunua.

Lakini kabla ya kuamua, sikiliza nyuma ya friji. Ikilia "tak", ikanguruma kidogo kisha ikazima, huenda tatizo ni relei, kile kidude kinachoiwasha kompresa. Mwambie fundi aipime kwanza. Akiibadilisha kwa 40,000, kila mwaka uliobaki utakugharimu 10,000 tu. Hapo tengeneza.