Orodha ya Sokoni Ifuate Njia ya Miguu

Katika nyumba nyingi orodha ya sokoni huandikwa kwa jinsi vitu vinavyokumbukwa. Mama yuko jikoni anataja mchele, binti anaongeza nyanya, bibi akiwa barazani anakumbusha samaki, na mwandishi anaandika kila kinachosemwa. Karatasi hiyo huhifadhi mazungumzo ya nyumbani vizuri, lakini haijui lolote kuhusu soko. Anayetumwa nayo baada ya Alasiri katika mwezi wa Ramadhani, hali chungu kinamsubiri kabla ya Magharibi, hujikuta akipita mbele ya muuza vitunguu yuleyule mara tatu.

Tuchukue mfano wa soko la mtaa lenye lango moja na njia mbili ndefu. Njia hizo hukutana langoni na kule nyuma tu. Njia ya kushoto, ukianzia langoni, ina mihogo na viazi, kisha vitunguu, kisha nyanya na mboga za majani, na mwisho ndimu. Nyuma kabisa, penye mfereji wa maji machafu, wako wauza samaki. Ukirudi kwa njia ya kulia unakutana na nazi, halafu viungo, halafu tende, na karibu na lango ndipo yalipo maduka ya nafaka.

Orodha ya nyumbani inasema hivi: mchele, nyanya, samaki, nazi, vitunguu, bizari, mihogo, ndimu, tende, unga wa ngano. Ukiifuata neno kwa neno utahama kutoka njia moja kwenda nyingine mara 6, na karibu kila uhamisho ni kuzunguka kupitia langoni au nyuma. Tena utakuwa umebeba mchele tangu mwanzo, na samaki tangu kitu cha tatu, katika joto la jioni. Ipange upya: mihogo, vitunguu, nyanya, samaki, ndimu, nazi, bizari, tende, unga, mchele. Sasa unahama mara 1 tu, kule nyuma, na mzigo mzito zaidi unaupokea hatua chache kabla ya kutoka.

Msomaji makini atauliza kwa nini samaki ametangulia ndimu, ilhali ndimu ziko kabla yake njiani. Samaki huparwa magamba na kutolewa matumbo, na kazi hiyo ina foleni yake. Mchague, lipa, mwache aparwe, kisha rudi hatua chache ukanunue ndimu. Ukimaliza, samaki yuko tayari. Huku ni kurudi nyuma kwa makusudi, nako ni kufupi kuliko kusimama ukisubiri.

Kuupata mpangilio huu hakuhitaji ufundi. Siku moja isiyo na haraka, tembea soko zima kwa njia utakayoitumia daima, ukiandika kila sehemu kwa namba: mihogo 1, vitunguu 2, na kuendelea hadi nafaka. Karatasi hiyo ibandikwe jikoni. Nyumbani watu waendelee kutaja vitu kwa fujo yao ya kawaida, kwani kumbukumbu haipangiki, bali kila kitu kiandikiwe namba ya sehemu yake. Kabla ya kutoka, orodha inanakiliwa kwa kufuata namba. Ni kazi ya dakika chache, na mtoto wa darasa la tatu anaiweza.

Liko jambo moja linaloivuruga hata orodha iliyopangwa, nalo ni kitu cha badala. Ikiwa umeagizwa, “Samaki akikosekana, leta maharage,” hakuna tatizo, kwa sababu maharage yako mbele yako, kwenye nafaka. Lakini ukiambiwa, “Akikosekana, leta mchicha,” mchicha umeshaupita. Afadhali kitu cha badala kiwe kile kinachofuata njiani, na wa nyumbani walijue hilo wanapoagiza. Kulinganisha bei nako kufanyike ndani ya sehemu moja: tazama meza zote za nyanya, ndipo ununue, usiache nyanya kwa nia ya kuzirudia baadaye.

Ukiona umerudi nyuma mara mbili kwa ajili ya kitu kilekile katika safari mbili tofauti, usimlaumu aliyetumwa. Huenda muuzaji amehama meza, au namba iliandikwa vibaya. Sahihisha karatasi ya jikoni siku hiyohiyo.

Katika duka kubwa la kujihudumia njia ni hiyohiyo, isipokuwa vitu vya kwenye friza viandikwe mwisho hata kama rafu yake iko katikati. Hapo kurudi hatua kadhaa ni nafuu kuliko kufika nyumbani na kuku aliyeanza kuyeyuka barafu.