Mwombaji Namba 17

Siku hiyo Matroni alifika ofisini mapema. Mezani palikuwa na barua 41 za wauguzi walioomba nafasi mbili za zamu ya usiku katika wodi ya wazazi. Kando yake aliketi binti wa chuo aliyekuja hospitalini kwa mafunzo ya vitendo ya utumishi, kalamu mkononi.

"Mwanangu, kwanza funika majina, uandike namba," alisema Matroni. "Hapa kila mtu ana shangazi yake kanisani. Kisha tazama leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga. Kama imekwisha muda, barua iweke pembeni. Baada ya hapo fuata jedwali. Mimi nitatoa zangu, wewe zako, bila kuchunguliana. Tukipishana zaidi ya alama 10, tunasoma upya pamoja."

Jedwali lilikuwa rahisi. Elimu alama 30, na mwenye stashahada alipata 25. Uzoefu alama 30, yaani 6 kwa kila mwaka aliofanya kazi katika miaka 5 iliyopita. Mafunzo ya ziada alama 20, barua na mpangilio 20. Aliyepata chini ya 60 hakuitwa.

Kufikia chai ya saa nne binti alikuwa ameizoea kazi. Namba 9 alimpa 83, na Matroni vivyo hivyo. Namba 17 wote wawili walimpa 52. Kwa kuwa hawakupishana, barua ile ilipaswa kwenda moja kwa moja kwenye fungu la waliokosa. Lakini binti aliishikilia.

"Mama, hili nililiandike wapi?" aliuliza, akisoma. Mwandishi alieleza kwamba kwa miaka 6 alifanya kazi katika zahanati ya kijijini, usiku akiwa muuguzi pekee. Usiku mmoja mama alitokwa na damu nyingi baada ya kujifungua. Alimkanda mfuko wa uzazi, akamchoma oksitosini, akamtoa mkojo kwa mpira ili mfuko ukaze vizuri, akaendelea kukanda hadi gari lilipofika. Halafu aliacha kazi miaka 3 kumuuguza mama mkwe aliyepooza.

"Jedwali halina pa kuliandika," alijibu Matroni, na sauti yake ikapungua. Alikuwa ameitumia karatasi ile miaka mingi.

Waliikokotoa upya. Elimu 25. Uzoefu 12 tu, kwa kuwa katika miaka 5 iliyopita alikuwa kazini 2. Mafunzo 10. Barua 5 kati ya 20, kwa sababu iliandikwa kwa mkono kwenye karatasi ya daftari. Namba 9 alikuwa na 18 hapo, barua yake imechapwa vizuri. (Kuchapisha ni fedha, na vijijini ni nauli pia.) Lakini miaka yote 5 ya namba 9 ilikuwa ya kuandikisha wagonjwa wa nje na kuchoma sindano. Hakuonyesha kuwahi kuzalisha tangu atoke chuoni.

"Basi tumwongezee namba 17, Mama. Nane tu zinatosha."

"Hapana. Ukimwongezea huyu kwa huruma, kesho nitamwongezea mpwa wangu. Tunabadili karatasi, halafu tunawasahihisha wote 41 upya."

Wakakaa hadi jioni. Elimu ilibaki 30 na mafunzo 20. Miaka ya kazi ikawa 20, alama 2 kwa kila mwaka katika miaka 10 iliyopita, hivyo aliyesimama kwa ajili ya uzazi au ugonjwa nyumbani hakufutiwa kila kitu. Kazi inayofanana na ile inayoombwa ikapewa 25. Barua ikabaki na 5, kwa kueleweka tu. Namba 17 akapata 25, 12, 22, 10 na 4, jumla 73. Namba 9 akashuka hadi 55. Wengine watatu nao walipanda, jambo lililomnyima Matroni usingizi alipowakumbuka waombaji wa miaka iliyopita.

"Na kama ile habari ya damu ameazima kwa mwenzake?" binti aliuliza wakifunga mafaili.

"Inawezekana. Karatasi haiwezi kutuambia. Kesho tutampigia simu mganga wa zahanati ile. Na siku ya usaili nitamuuliza: umekanda, umechoma sindano, mfuko umekaza kabisa, lakini damu bado inatoka. Unatazama wapi?"

Siku ya usaili namba 17 aliingia na viatu vyenye vumbi la safari. Aliposikia swali hakungoja limalizike.

"Mlango wa uzazi, Mama, na ukeni. Huenda amechanika. Mna taa ya kutosha humo wodini?"

Binti akatazama karatasi yake, kisha akamtazama Matroni. Taa ya wodi ile ilikuwa imeharibika wiki ya pili sasa.